Wifi ameuliza mbele ya wageni: "Kulwa ni wetu, Doto ni wa nani?"

Mama Kulwa, Igoma
Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka. Yule wifi mnayemjua, ambaye sauti yake hufika Ukerewe bila kupanda kivuko, leo mchana alifunua khanga niliyowafunika wanangu mapacha, akamtazama Kulwa aliye mweupe, akamtazama Doto aliye mweusi mwenye paji pana la babu yangu, kisha akauliza mbele ya wageni waliokuwa wakila sato: "Kulwa ni wetu, Doto ni wa nani?" Wageni waliacha kutafuna. Doto ni wa nani! Mkunga alinieleza kwamba mwezi ule niliachia mayai mawili, na kila moja likarutubishwa na mbegu yake, kwa hiyo wanangu wamepishana sura kama ndugu wowote wa baba na mama mmoja. Doto ni wa nani, jamani!

Sangara wa Kirumba
Shemeji, ulinyamaza mbele yake, sasa unatupigia kelele sisi. Ungemwonyesha kondo la nyuma: yakiwa mawili, watoto si wa kufanana, likiwa moja, ni wa kufanana. Tena mapacha huletwa na damu ya mwanamume.

Mkunga Mstaafu
Kaka, umepatia nusu. Yai moja likigawanyika ndani ya siku tatu za mwanzo, kila mtoto hupata kondo lake ingawa ni wa kufanana. Nayo makondo mawili ya wasiofanana yanaweza kuota yakigusana hadi ukadhani ni moja. Ndiyo maana altrasaundi ya wiki ya 11 hadi 14 ni muhimu, kwa kuwa wakati huo ukuta kati ya watoto bado unasomeka vizuri. Kuhusu damu, anayeachia mayai mawili ni mwanamke. Mwanamume anaweza kumrithisha binti yake tabia hiyo, lakini hawezi kumpa mkewe. Mama Kulwa, una umri gani, na kwenu kuna mapacha?

Mama Kulwa, Igoma
Nina miaka 37, hii ilikuwa mimba ya nne, na mama yangu mzazi ni Doto. Lakini wageni waliacha kutafuna!

Mkunga Mstaafu
Yote matatu yanaongeza uwezekano. Umri ukielekea arobaini, ubongo hutoa kwa wingi zaidi homoni ya kukomaza mayai, na mwezi mwingine hukomaa mawili. Mapacha wa kufanana kwa kawaida hawafuati ukoo. Hutokea katika uzazi 3 au 4 kwa kila 1000, karibu kila mahali duniani.

Sangara wa Kirumba
Je, haiwezekani kabisa mapacha wakawa na baba wawili?

Mkunga Mstaafu
Imewahi kutokea, ila ni nadra mno, na huthibitishwa kwa vinasaba. Rangi ya ngozi haithibitishi.

Mama Kulwa, Igoma
Sangara, nawe umetumwa na wifi?

Bibi Harusi wa Sengerema
Wangu wanafanana hata nimemnyonyesha mmoja mara mbili, mwenzake akalala na njaa. Sasa nawafunga uzi mwekundu mguuni. Je, mimba ijayo nitapata tena wa kufanana?

Baba Shija
Kwetu ugomvi ni mkubwa kuliko huo. Walizaliwa kwa upasuaji, na mama mkwe anashikilia kwamba daktari alimtoa Doto kwanza, kwa hiyo Kulwa wetu si Kulwa.

Bibi Harusi wa Sengerema
Mama mkwe alikuwa chumba cha upasuaji?