Mrejesho: picha ya matokeo ya dogo, jumla imekubali

Niliuliza: "Nimepiga picha karatasi ya matokeo ya mdogo wangu wa kidato cha pili, nikaitoa maandishi kwa Google Lens nikapesti kwenye Sheets, mbona jumla inakuja 488 wakati karatasi inasema 558?"

Wakuu nimelipata. Aliyeniambia nihesabu kwanza seli zenye namba ashukuriwe sana, niliandika hii:

```
=COUNT(B2:B10)
```

ikaleta 8 na masomo ni 9. Basi nikaanza kushuka mdogo mdogo, Hisabati 48, Kiswahili 81, Kiingereza 66, Biolojia 59, Kemia 52, Fizikia 45, Historia 73, Jiografia 64, zote zimekaa kulia kwenye seli, nafika Uraia naona 70 imejibana kushoto peke yake. Kumbe simu ilisoma sifuri kama herufi O, kwa hiyo Sheets inaiona ni neno na SUM inairuka kimya kimya bila hata kulalamika. Tofauti ya 558 na 488 ni 70 kamili, yaani jibu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Kilichonipoteza ni wastani, maana AVERAGE nayo iliiruka ikagawa kwa 8 ikaleta 61, na karatasi inasema 62, nikadhani mwalimu karaundi tu. Nimefuta nikaandika 70 kwa mkono, jumla 558, gawa kwa 9 ni 62 bila desimali.

Dogo Fizikia 45 lakini, tutaongea nyumbani.