Tupeane uzoefu: mlipotaka kuachia wazi msimbo wa kampuni, leseni ipi iliwakwamisha?

Mkazi wa Kisasa
Wakuu, jana jirani yangu kaniambia ofisi yao wiki ijayo inaweka mfumo wao GitHub chini ya MIT, "ni faili moja tu la kubandika". Moyo ukanipasuka. Nikakumbuka yetu.

Sisi tulikuwa na mfumo wa kupokea zabibu: mkulima anapima, anatolewa stakabadhi ya PDF. Bosi alishaahidi kwamba Ijumaa unakuwa wazi. Leseni tulichagua Apache 2.0 badala ya MIT, kwa sababu Apache inataja hataza waziwazi, na haimpi mtu ruhusa ya kutumia jina letu la biashara. Hapo hatukubishana. Jumatano usiku nikasema ngoja nikague maktaba tulizozitegemea:

```
mvn license:add-third-party
```

Ikanitolea `THIRD-PARTY.txt`. Apache, MIT, Apache, BSD, halafu katikati AGPL. Nikafungua `pom.xml` yetu, hiyo maktaba haimo! Nikaitafuta inaingilia wapi:

```
mvn dependency:tree -Dincludes=com.itextpdf

\- tz.zabibu:ripoti:jar:1.4:compile
   \- com.itextpdf:itextpdf:jar:5.5.13:compile
```

Kumbe ni `ripoti`, maktaba yetu wenyewe ya ndani, aliyoiandika mwenzetu aliyekwisha kuhama. iText kuanzia toleo la 5 iko chini ya AGPL. Kilichoniondolea usingizi si Ijumaa. AGPL inadai msimbo apewe hata anayetumia programu kupitia mtandao bila kuipakua, na sisi tulikuwa tunawahudumia wateja mtandaoni kwa miaka miwili bila kumpa yeyote msimbo. Asubuhi nilimweleza bosi mikono ikitetemeka.

Binti Makulu
Ya kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Nilivyosoma "haimo kwenye `pom.xml`" nimesisimka.

Mfanyabiashara Majengo
Leseni ya biashara mnachukua halmashauri, mbona mnahangaika na mitandao? Mimi yangu ya duka ilichukua wiki mbili.

Binti Makulu
Kaka, hii ni ruhusa ya kutumia msimbo wa mtu, si ya duka.

Fundi Nkuhungu
Mkisa, ulijitisha bure. Ukiweka GitHub msimbo wako tu, bila `jar` ya iText ndani, hujasambaza kitu cha mtu. Apache yako inasimama.

Mkazi wa Kisasa
Nusu yake nakubali, ndugu. Faili nilizoandika mimi naweza kuzipa Apache. Lakini atakayezijenga na kuziendesha anapata kitu kizima chenye AGPL ndani, wakati sisi tumemwambia ni Apache. Chama cha ushirika kikichukua mfumo, kikaubadilisha na kuufungia, tumekiingiza mtegoni.

Fundi Nkuhungu
Hilo ni jukumu lake kusoma. Msimamo wangu haujabadilika.

Binti Makulu
Kusoma nini, kama ninyi mliojua hamkuandika? Mnawatwisha wakulima kazi ya wanasheria!

Mzee wa Area D
Wanangu, punguzeni sauti. Mngenunua leseni ya kibiashara ya iText, yakaisha.

Mkazi wa Kisasa
Shikamoo mzee. Hiyo ingetusafisha sisi na wateja wetu, lakini anayepakua msimbo hairithi. Kuachia mfumo wote chini ya AGPL kulifaa pia, ila bosi alikataa. Tulihamia OpenPDF, tawi lililotokana na iText ya zamani, chini ya LGPL na MPL. Sehemu kubwa ilikuwa kubadili `com.itextpdf.text` kuwa `com.lowagie.text`. Jedwali moja lilivurugika, tukalinyoosha. Kisha nikarudia ile amri ya mti hadi isilete kitu. Ijumaa ilipita, tukaachia wiki mbili baadaye.

Dada wa Chamwino
Mkisa, fonti za hizo PDF mlitoa wapi? Sisi Maven ilisema tuko safi, kumbe ndani ya `src/main/resources` kulikuwa na `arial.ttf` iliyonakiliwa kutoka kompyuta ya Windows. Ile amri inasoma maktaba zilizotajwa tu. Fonti, picha, na vipande vilivyonakiliwa Stack Overflow haivioni. Tukaweka Noto Sans, ambayo leseni yake inaruhusu kuisambaza. Na kuifuta tu hakukutosha, kwa sababu ilibaki kwenye historia ya Git. Tulianza hifadhi mpya yenye historia tupu.

Fundi Nkuhungu
Historia tupu mnapoteza kumbukumbu ya nani aliandika nini. Safisheni hilo faili peke yake kwa `git filter-repo`.

Dada wa Chamwino
Tulikuwa na nywila za zamani humo pia. Sikutaka kubahatisha.

Mkazi wa Kisasa
Dada, nimetoka kuangalia sasa hivi. Kuna `calibri.ttf`. Na sisi tulishaachia.