Tupeane uzoefu: mteja mkubwa anapotangaza kulipa baada ya siku 90, ulimjibuje?

Mwenye Maboksi: Nauza maboksi ya kufungashia. Mteja anayechukua zaidi ya nusu ya mzigo wangu ameleta barua: kuanzia mwezi ujao ankara zitalipwa baada ya siku 90 badala ya 30. Haombi, anataarifu. Mliowahi kupata barua kama hii, mlijibu nini?

Bibi Lebo: Malalamiko hayasomwi, hesabu inasomwa. Mimi nilikuwa namuuzia wangu mzigo wa milioni 6 kwa mwezi. Kwa siku 30, milioni 6 zangu zinakaa kwake. Kwa siku 90 zinakuwa 18. Hizo 12 za ziada ningezikopa kwa riba ya 18% kwa mwaka, kwa hiyo siku 60 za kusubiri zingekula karibu 3% ya kila ankara. Nikawaandikia: mnachoniomba ni punguzo la bei la 3%. Ama mlipe kwa siku 45 bei ile ile, ama 90 ibaki lakini ankara mtakayoilipa ndani ya siku 15 naipunguza 2%. Na oda zilizokwisha kutolewa zinabaki na masharti ya zamani. Manunuzi walikataa. Nikaomba ipelekwe kwa watu wa fedha. Hao walikuwa na pesa zimelala, wakachukua ile ya 2%.

Msambazaji: Mnajisumbua. Pandisha bei 3% kimyakimya, yaishe.

Bibi Lebo: Kama bei imefungwa kwenye mkataba, ankara inarudishwa na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Mkataba ukifika kufanywa upya, hapo sawa.

Kijana wa Sabuni: Wangu ana miezi minne hajalipa na simu hapokei. Nimshitaki?

Mwenye Maboksi: Pole ndugu, lakini huyo amevunja ahadi. Wangu anabadilisha ahadi yenyewe.

Mhasibu Mstaafu: Bibi Lebo, 2% yako ni nafuu kuliko benki ukilinganisha na siku 90. Ukilinganisha na 30 za zamani bado umepoteza zaidi kidogo ya 1%. Mwenye Maboksi, andika pia siku zinahesabiwa tangu lini. Ukiandika "baada ya ankara kuidhinishwa", karani akiikalia wiki tatu, 15 zako zimekuwa 36. Sema tangu mzigo uliposainiwa kupokelewa, na kwamba siku ya 16 punguzo limekufa. Wapo wanaokata 2% na bado wanalipa siku ya 40. Tena jibu kabla hujapeleka mzigo mwingine, wasije wakasema umekubali.

Bibi Lebo: Hilo la kukata na kuchelewa lilinipata. Ankara iliyofuata nikadai tofauti, wakalipa wakinung'unika.

Mwenye Maboksi: Wamenitajia pia benki yao inilipe mapema, wao wailipe siku ya 90. Riba nakatwa mimi. Kuna aliyeingia humo? Nataka kujua benki ikijitoa ghafla, masharti yanarudi 30 au nabaki na 90 zangu.