Tairi za nyuma zimeliwa mabonde-mabonde, beringi nimebadilisha na bado zinavuma

Kisahani
Wakuu habari zenu. Gari yangu ni ndogo, inavuta kwa mbele, tairi ni 195/65R15. Kama miezi miwili hivi inavuma kwa nyuma: inaanza kwenye 60, ikifika 90 hadi 100 inakuwa kama kuna ndege inapita juu yetu. Fundi aliisikiliza akasema beringi ya nyuma kushoto. Nikanunua, ikafungwa, nikatoka gereji nikiwa na furaha, na kabla sijafika nyumbani nikagundua mlio ni ule ule.

Jana nilikuwa naosha rimu, mkono ukapita juu ya tairi. Nikashtuka. Tairi ya nyuma kushoto ina mabonde na vilima kuizunguka yote, kama mtu aliichota kwa kijiko. Kutoka bonde hadi bonde ni kama upana wa kiganja. Niliazima kipimo cha kashata: kwenye vilima imebaki milimita 5, mabondeni 3. Ya kulia inayo pia, ila kidogo. Za mbele ni nzima.

Tairi hizi zina kilomita 18,000 tu. Shokapu ni zile zile gari ilizokuja nazo, sasa gari ina 130,000. Nianze na shokapu, balansi au alaimenti? Pesa ya kufanya vyote kwa mpigo sina, na ya beringi imeshapotea.

Dereva Mstaafu
Kijana, hiyo ni alaimenti. Gari ikila tairi vibaya, nenda alaimenti. Wapime mbele, warekebishe, mambo yaishe.

Tonge la Ugali
Mimi yangu ilikula katikati, pembeni nzima. Ilikuwa upepo mwingi. Punguza upepo mkuu, unajaza sana.

Kisahani
@Tonge la Ugali hapana, yangu haijaliwa katikati. Ukiitazama kwa pembeni utadhani mawimbi. Upepo napima kila wiki mbili, asubuhi tairi zikiwa baridi.

Mzee wa Spana
Kisahani, pole kwa beringi. Hilo kosa ni la kawaida kwa sababu milio miwili hiyo inafanana mno. Siku nyingine kabla hujafungua kitu, fanya hivi: ukiwa barabara tupu, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Beringi mbovu mara nyingi hubadili sauti gari inapolalia upande wake. Tairi yenye mabonde haijali sana hilo, ila inabadilika ukitoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami ya kokoto.

Sasa nataka vitu vitatu kutoka kwako kabla sijasema neno.

Kwanza, pitisha kiganja juu ya kashata ukielekea mbele, kisha urudi nyuma. Je, upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno? Au kote ni sawa?

Pili, mabonde yamekaa wima kuvuka tairi, au yamelala mshazari?

Tatu, chungulia uso wa ndani wa rimu. Je, kuna alama safi ya mstatili, mahali palipobandikwa risasi ya balansi ikadondoka?

Na tafadhali usiniambie umesukuma gari kwa kukalia buti ikadunda mara moja ikatulia, basi shokapu ni nzima. Jaribio hilo linakamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu inapita bila shida, kwa sababu mkono wako unaisukuma polepole, na kazi inayoishinda ni ile ya haraka.

Kisahani
Mzee umenijuaje, nilikuwa nimeshaikalia buti asubuhi.

Majibu: kiganja kinagonga sawa mbele na nyuma, hakuna msumeno. Mabonde yako wima, yamechukua katikati na upande wa nje. Rimu ya kushoto nimekuta alama mbili safi, gundi ipo, risasi hakuna. Halafu nimelala chini nikatazama shokapu ya kushoto. Imelowa mafuta kuanzia chini ya mpira wa vumbi hadi boliti ya chini, na vumbi limeganda juu yake kama tope. Ya kulia ina unyevu kidogo juu tu.

Mzee wa Spana
Sasa tunaongea. Unyevu mwembamba wa ile ya kulia usikupe presha, fimbo ya shokapu inapopanda na kushuka hubeba mafuta kidogo. Mafuta yaliyotiririka hadi chini ni habari nyingine, hiyo imevuja.

Nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa utajua uanzie wapi. Tairi yako ikizunguka mara moja gari inasogea karibu mita 2. Kwenye 100 unakwenda karibu mita 28 kwa sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka mara 14 kila sekunde. Risasi ikidondoka, upande mmoja wa gurudumu unakuwa mzito, na ule uzito unalivuta juu na chini mara 14 kwa sekunde. Gramu 45 tu kwenye rimu ya ukubwa huo, kwa mwendo huo, zinavuta kama kilo 6 na zaidi kidogo. Kwenye 50 ni robo yake, ndiyo maana mjini husikii kitu.

Tatizo ni kwamba gurudumu lenyewe, likining'inia kati ya springi ya gari na mpira wa tairi, lina mdundo wake wa asili, na kwa gari ndogo nyingi uko humo humo, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Mwenye kazi ya kuuzima mdundo huo ni shokapu. Ikiwa nzima, gramu zako 45 zitakusumbua kwa mtetemo kwenye kiti na si zaidi. Ikiwa imevuja, gurudumu linadunda: likitua linabana lami na kuburuza kashata, likiinuka linagusa kwa wepesi. Panapoburuzwa ndipo panapolika. Na nyuma ya gari inayovuta kwa mbele ni nyepesi, inadunda upesi zaidi.

Fundi Baiskeli
Hapo Mzee nina swali. Kama uzito uko sehemu moja ya rimu, si inapaswa kula sehemu moja tu kila mzunguko? Yeye ana mabonde tairi nzima.

Mzee wa Spana
Swali zuri. Balansi peke yake mara nyingi huacha kipande kimoja au viwili vilivyolika, huo ni ukweli. Mabonde mengi ni saini ya shokapu: gurudumu likigonga shimo dogo halitulii, linaendelea kuruka. Na bonde likishaanza, kingo yake ndiyo inayogonga lami katika mzunguko unaofuata, kwa hiyo ugonjwa unajilisha wenyewe.

Fundi Baiskeli
Hiyo ya mwisho nimeikubali. Ya kuruka bado, maana angeruka mahali tofauti kila siku na tairi ingelika sawasawa.

Dereva Mstaafu
Nasema tena alaimenti. Mnamzungusha kijana kwa hesabu za shule.

Mzee wa Spana
Mzee mwenzangu, hujakosea kabisa. Gurudumu la nyuma likiangalia nje au ndani kupita kiasi, gari kama hii hula tairi mabonde pia, na hata shokapu mpya haiokoi. Lakini mabonde hayo kwa kawaida hulala mshazari, na kiganja hukuta msumeno. Kwake havipo. Na kupima mbele peke yake hakumsaidii, tairi zilizoliwa ni za nyuma. Apime zote nne, ila baada ya shokapu.

Kisahani, mpango wako: shokapu mbili za nyuma pamoja, usibadilishe moja. Kisha balansi. Alaimenti mwisho. Fundi akifunga, boliti ya chini yenye bushi aikaze kwa nguvu yake kamili gari likiwa limesimama kwenye tairi. Akiikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi itakaa imejisokota na itachanika mapema.

Mama Safari
Na hiyo shokapu ya zamani usiitupe kabla hujaijaribu. Isimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari, isukume hadi mwisho, ivute, mara kadhaa. Yangu ilikuwa inapita bure kwa nusu ya njia halafu inashika ghafla. Fundi alikuwa ameniapia ni nzima.

Kisahani
Narudi na mrejesho, zimepita siku tisa. Shokapu zimefungwa zote mbili. Ile ya kushoto ilikuwa kama alivyosema Mama Safari, inapita bure, kisha kidogo inashika. Ya kulia ilikuwa inashika, ila kwa ulegevu ukilinganisha na mpya. Mashine ya balansi imedai gramu 45 kushoto na 10 kulia (Mzee, ulipiga ramli?). Alaimenti ya nyuma iko ndani ya kipimo, mbele ilikuwa imetoka kidogo wakairekebisha.

Gari sasa inashika barabara, mtetemo wa kwenye kiti umeisha. LAKINI MLIO UPO. Upo vile vile! Nimekosea wapi tena?

Dereva Mstaafu
Mbele ilikuwa imetoka. Nilisema.

Mzee wa Spana
Hujakosea. Shokapu mpya haijazi mpira uliokwisha lika. Vile vilima bado vinapiga lami kimoja baada ya kingine, na ndivyo vinavyovuma. Gramu 45 ilikuwa bahati tu, tena sehemu yake ni ya mabonde yenyewe, maana mpira uliotoka ni uzito uliotoka. Ukitaka uhakika kwamba ni tairi na si kitu kingine, hamisha za nyuma mbele na za mbele nyuma. Mlio ukihama nao, umemaliza utafiti.

Mama Safari
Mimi ningenunua mbili mpya. Nilivumilia zangu kilomita elfu kadhaa, kelele haikuisha, na mvua ilipokuja mabonde yalikuwa karibu na kipara.

Mzee wa Spana
Ana haki ya kusema hivyo. Ila wewe una milimita 3 sehemu ya chini kabisa, na alama ya ukomo ndani ya mfereji iko 1.6. Mbele zitabeba uzito na kuvuta, vilima vitalika haraka kuliko mabonde. Nimeona zilizotulia, nimeona zilizoendelea kuvuma mpaka zikatolewa. Ukiona uzi au uvimbe popote, toa siku hiyo hiyo.

Fundi Baiskeli
Kuweka tairi iliyoliwa hivyo mbele, kwenye stelingi, mimi siafiki. Itatikisa usukani.

Kisahani
Nimezihamisha leo. Mlio umekuja mbele, na usukani unatetema kidogo kwenye 80 kama alivyosema Fundi Baiskeli. Beringi ya zamani nimeiokota kwa fundi, nimeizungusha kwa mkono, laini kama ya dukani. Nimechora chaki kwenye kilima kimoja na bonde lake, nitapima hapo hapo baada ya kilomita 2,000. Kama tofauti haijapungua kutoka milimita 2, nafuata ya Mama Safari.