Mtihani wa watu wazima: lebo ya dawa au hesabu tupu?

Mleta mada

Ndugu zangu, kamati yetu ya darasa la watu wazima imegawanyika. Wengine wanataka mtihani wa mwisho utungwe kwa mambo ya kila siku, yaani lebo za dawa, bajeti ya nyumba na kadhalika. Wengine wanasema maswali hayo yanachanganya mambo, bora hesabu tupu na kifungu cha kusoma. Wenye uzoefu, mnasemaje?

Mwalimu wa jioni

Mimi niko upande wa lebo bila kusita. Mtu mzima anakuja darasani kwa sababu kuna karatasi inamshinda nyumbani. Halafu kuna ule utafiti wa Recife, Brazili, wa mwaka 1985. Wachuuzi watu wazima walipiga hesabu za biashara yao karibu zote sawasawa, lakini walipokalishwa na karatasi na kalamu wakaanguka vibaya. Kwa hiyo hesabu tupu inapima tu kama mtu alipita shule. Leteni lebo na bajeti, mtaona watu wanavyofaulu.

Mwalimu wa hesabu

Mwalimu mwenzangu, utafiti huo upo, ila wale walikuwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15, si watu wazima. Kwenye biashara walipata asilimia 98, kwenye hesabu tupu asilimia 37. Umeruka namba ya katikati: hesabu hizo zilipowekwa ndani ya hadithi, walipata asilimia 74. Hadithi ilisaidia, lakini haikuwafikisha walipokuwa wakiwa na mteja mbele yao. Lebo iliyochapwa kwenye karatasi ya mtihani nayo ni hadithi.

Shida yangu na maswali haya ni moja. Mwanafunzi akikosa swali la lebo, sijui ameshindwa kusoma au ameshindwa kuzidisha. Wiki inayofuata nifundishe nini? Hesabu tupu ikikosewa, najua pa kuanzia.

Mzazi

Naunga mkono. Mwanangu yuko darasa la nne, na hesabu hizi za mafumbo zinamtoa machozi kila jioni. Wampe namba tu.

Mleta mada

Ahsante mzazi, ila hapa tunazungumzia wanafunzi watu wazima, wengi wao wana watoto wa umri huo.

Mtunzi wa mitihani

Hoja ya mwalimu wa hesabu ni nzito, lakini naona inahusu maswali yaliyotungwa ovyo. Niwaonyeshe kwa lebo moja, ya dawa ya maji ya homa kwa watoto:

> Kila ml 5 ina paracetamol mg 120.
> Miezi 6 hadi miaka 2: ml 5
> Miaka 2 hadi 4: ml 7.5
> Miaka 4 hadi 6: ml 10
> Zipite angalau saa 4 kabla ya kurudia. Usizidishe mara 4 ndani ya saa 24.

Swali ambalo kila mtu hulitunga kwanza ni hili: "Kwa siku moja mtoto apewe si zaidi ya mara ngapi?" Jibu ni 4, na linaonekana swali zuri. Sasa tazameni ile 4 imetokea mara ngapi kwenye lebo. Ipo kwenye umri, ipo kwenye saa za kusubiri, ipo kwenye idadi ya mara. Mwanafunzi aliyeishia kwenye "saa 4" anaandika 4 na anapata alama yote, kumbe hajauona kabisa mstari unaomkinga mtoto wake. Swali hilo litupwe. Kanuni yangu ni kwamba kabla sijalikubali swali, naandika kila njia ya kukosea ninayoweza kuifikiria, kisha naangalia kila njia inafika kwenye jibu gani. Njia mbili zikifika kwenye jibu moja, naanza upya.

Badala yake nauliza: "Mtoto wa miaka 3 apewe ml ngapi kwa mara moja?" Anayeandika 7.5 amepata mstari wake. Anayeandika 5 huenda amebeba namba ya kwanza aliyoiona juu. Anayeandika 75 anasoma vizuri, ila nukta imempita. Anayeandika 120 amechanganya mg na ml. Makosa matatu tofauti, na kila moja linamwambia mwalimu somo la wiki ijayo. (Msimtumie mtoto wa miaka 4 kamili. Yuko kwenye mistari miwili, na mtabishana na wasahihishaji siku nzima.)

Swali la pili: "Mtoto huyo amepewa dawa saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni na saa 2 usiku. Sasa ni saa 6 usiku na homa imepanda tena. Unaweza kumpa dawa hii? Kwa nini?" Saa 4 zimepita, kwa hiyo aliyesoma sentensi ya kwanza tu atasema ndiyo. Aliyesoma zote mbili atahesabu kwamba ameshapewa mara 4, na nafasi inayofuata ni saa 2 asubuhi. Hesabu yenyewe ni nyepesi mno, ni kuhesabu hadi 4. Kinachopimwa ni kushika masharti mawili kwa pamoja, na hesabu tupu haina pa kulipimia hilo.

Mwalimu wa hesabu

Hilo la usiku nalikubali, ni swali zuri. Lakini bado hujanijibu. Aliyesema "ndiyo" hakuisoma sentensi ya pili, au aliisoma akashindwa kuiunganisha na ya kwanza?

Mtunzi wa mitihani

Ndiyo maana silimalizi kwenye karatasi. Aliyekosa namwita pembeni namsomea lebo kwa sauti, polepole, kisha nauliza swali lilelile. Akipatia, tatizo lilikuwa kusoma. Akikosa tena, tatizo ni kuunganisha masharti, na kumrudisha kwenye silabi ni kumpotezea muda. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mtu. Kwenye darasa la watu wengi ni mzigo, sikatai.

Ugumu wa kusoma nao unapangika. Kwenye upimaji wa kimataifa wa watu wazima uliofanyika miaka ya 1990, mojawapo ya maswali mepesi kabisa lilikuwa la lebo ya dawa: isitumiwe zaidi ya siku ngapi. Lilikuwa jepesi kwa sababu siku zilitajwa mahali pamoja tu, "isizidi siku 7", chini ya kichwa cha habari kilichoonekana wazi. Ukiongeza namba nyingine ya siku kwenye lebo hiyo, swali linapanda ngazi ingawa hujabadilisha hata neno moja la swali lenyewe. Kwa hiyo anayeanza mpe lebo yenye namba chache, mzoefu mpe lebo nzima kama ilivyo kwenye chupa.

Mfamasia

Niongeze kidogo hapo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 395. Walionyeshwa maelekezo ya kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, kama asilimia 71 waliyaeleza maelekezo hayo sawasawa. Walipoambiwa waonyeshe vidonge vya siku nzima, waliohesabu vinne walikuwa kama asilimia 35 tu.

Kwa hiyo hata huyo aliyeandika 7.5 simwamini mpaka nimwone anapima. Mpeni chupa yenye maji na bomba la kupimia, mwambieni avute kipimo cha mtoto wa miaka 3. Mistari ya bomba ni midogo, na kuna atakayesimama kwenye 7 akaona inatosha. Mwingine ataomba kijiko cha jikoni, nacho ujazo wake haulingani nyumba hadi nyumba. Na tafadhali, chupa mpya yenye maji. Msitumie chupa iliyokuwa na dawa.

Mama mwanafunzi

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, huu ni mwaka wangu wa pili. Nisameheni kama natoka nje ya mada. Nilikuja darasani nisome ujumbe wa binti yangu mwenyewe, nisimpe jirani anisomee. Tangu nifike ni dawa na bajeti, bajeti na dawa. Bajeti yenyewe inasema "Mama fulani anapata mshahara kila mwisho wa mwezi." Mimi sina mshahara. Halafu wanauliza aache kununua kitu gani. Niliandika asiache kitu, akope kwa dada yake arudishe. Nikawekewa kosa. Ni kosa kweli?

Mtunzi wa mitihani

Marahaba mama, na hujatoka nje ya mada hata kidogo. Kosa ni la swali. "Aache kununua nini" haina jibu la hesabu. Inapima kama mnafikiri sawa na mtunzi kuhusu maisha, na mtunzi haishi nyumbani kwenu. Swali kama hilo linafaa kuzungumziwa darasani, lisiwekewe alama.

Ngoja nitunge lingine. Mtu anapata 60 wiki ya kwanza, 20 ya pili, hakuna ya tatu, 80 ya nne. Kila wiki anatumia 40. Ukijumlisha mwezi mzima, anapata 160 na anatumia 160, na mwongozo wa kusahihisha wa mtu mwenye mshahara utaandika "inatosha". Sasa fuateni wiki kwa wiki. Ya kwanza anabakiza 20. Ya pili anaitumia hiyo 20 na anabaki mkono mtupu. Ya tatu amepungukiwa 40 zote. Swali ni: "Atakwama wiki gani, na kwa kiasi gani?" Jibu lake ni moja tu. Akikopa kwa dada yake hiyo 40, wiki ya nne ataweza kuirudisha yote, kwa hiyo jibu lako, mama, linasimama kwa namba.

Mwalimu wa hesabu

Hilo ningelitumia hata mimi. Ila tusimkimbie mama kwenye lile la kwanza. Yeye alitaka kusoma ujumbe wa binti yake. Tumekaa hapa tunabishana lebo au hesabu tupu, na yeye hakuomba hata kimoja.

Mwalimu wa jioni

Nimeona, na nimekubali kuhusu Recife, ahsante kwa kunirekebisha. Kuhusu mama, nadhani ujumbe wa simu uingie kwenye mtihani kama lebo zilivyoingia. Ujumbe una saa, una mahali, una mtu wa kukutana naye.

Mama mwanafunzi

Ujumbe wa binti yangu hauna saa wala mahali, mwalimu. Ananisimulia tu. Sitaki niulizwe maswali juu yake.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Kamati inakutana karibuni. Nitapeleka lile la saa 6 usiku na lile la wiki nne. Chupa ya maji na bomba nitavipendekeza pia, ingawa najua wataniuliza nani atawasimamia wanafunzi mmojammoja. Kwa hesabu tupu bado sijaamua. Mwalimu wa hesabu, ukibakiziwa maswali matano ya namba peke yake, ungeuliza yapi?

Mwalimu wa hesabu

Mawili ya nukta, kama 7.5 kujumlisha 7.5. Moja la kugawanya lenye baki, 100 kwa 30, halafu nione anafanya nini na ile 10 inayobaki. Mawili mengine niachieni hadi kesho.