Bomba la inchi 4 linapanda 300 na kuhama kulia 400: nikate kipande cha urefu gani?

MjengaLaini: Habari za kazi wakuu. Nina laini ya maji ya kupozea, chuma cha inchi 4, elbo ndefu za kuchomelea. Ikitoka kwenye flanji inakwenda mbele, lakini kabla ya kufika kwenye tii inatakiwa ipande milimita 300 na ihame kulia 400, maana nguzo imekaa njiani. Kutoka uso wa flanji hadi katikati ya tii nina 900. Nilijaribu kupanda kwanza kwa elbo mbili za nyuzi 90, halafu nihame kando. Haikai: elbo mbili zikigusana tayari ni 304, kabla hata ya kuhama.

Kibombo: Usipande kisha uhame, fanya yote kwa mlalo mmoja. Chukua elbo mbili za 45. Mia tatu na mia nne zinakupa 500, zidisha kwa 1.414, kata 707. Kazi imekwisha.

MzeeFlanji: Njia ni hiyo, ila usikate 707, utaharibu bomba. Hiyo ni kutoka katikati ya elbo moja hadi katikati ya nyingine. Elbo ya 45 ya inchi 4 inakula 64 kila upande, kwa hiyo toa 128, kisha toa mapengo mawili ya kuchomelea ya 3. Kata 573.

Sasa angalia ile 900. Flanji yenye shingo ya daraja 150 inakula 76, elbo 64, mwendo wa mbele 500, elbo 64, nusu ya tii 105. Jumla 809. Umebakiwa na 91.

BiSaada: Mimi langu la plastiki jikoni linavuja kwenye elbo, gundi gani nzuri?

Kibombo: Dada, hapa ni chuma. Fungua uzi wako.

MjengaLaini: Asante mzee. Elbo niizungushe kiasi gani? Kwenye mchoro wa kompyuta inajigeuza yenyewe, ila welda ananiuliza mimi.

MzeeFlanji: Nyuzi 53 kutoka wima, kuelekea kulia. Mzingo wa bomba hilo ni milimita 359, kwa hiyo nyuzi moja ni karibu milimita moja. Weka alama juu kabisa kwa pimamaji, zungusha futi ya utepe, pima 53, piga chaki. Mgongo wa elbo uangalie upande wa pili wa alama. Elbo ya pili iwe kwenye mstari huohuo, la sivyo laini haitatoka sambamba.

Spana_24: Ile 91, ukitoa mapengo matatu, inabaki kipande cha 82. Kiweke upande wa tii. Elbo ishikane na flanji moja kwa moja.

MzeeFlanji: Mimi ningekiweka kwenye flanji, spana ipate nafasi nyuma ya bolti.

Spana_24: Shingo ya flanji inatosha, mzee. Na miradi mingine haikubali kipande kifupi hivyo kati ya weldi mbili. Asome masharti ya mradi kwanza.

MjengaLaini: Masharti yako kwa mkaguzi. Namfuata kesho kabla ya kukata chochote.