Mrejesho: dibaji ya mwenyekiti

Niliuliza: "Dibaji ya mwenyekiti wa chama chetu cha akiba na mikopo inasomeka kama hotuba ya harusi. Nifanyeje ili isikike kama mtu anayesema ukweli?"

Ahsanteni sana, wakuu. Aliyeniambia nimhoji mzee badala ya kumtungia, ubarikiwe. Nilimrekodi dakika 20 ofisini Ngara, na karibu kila neno la ufunguzi mpya ni lake. "Ni kwa furaha kubwa" imeondoka. Sasa inaanza: "Gawio limeshuka kutoka asilimia 11 hadi 8, kwa sababu tuliwakopesha wenye matatu bila kukagua dhamana vya kutosha." Hiyo 8 nayo ilikuwa 8.5 kwenye rasimu, kabla sijailinganisha na hesabu zilizokaguliwa. "Changamoto zilijitokeza" ikawa "tulikosea".

Si yote yalifaulu. Wakili alifuta sentensi kuhusu mdaiwa tuliyemshtaki, maana kesi iko kortini. Shukrani kwa "wadau wote" mzee alikataa katakata zitolewe, nikazisukuma mwisho kabisa. Kwenye mkutano mkuu wanachama walibana kamati ya mikopo kuhusu dhamana. Mwaka jana walikuwa wakiuliza tunaficha nini.